Barua ya Kutopokea Uteuzi

Ndugu vijana, tangu habari ilipoenea kwamba sisi wawili, mume na mke, tumeandika kuomba jina letu liondolewe katika orodha ya waliopendekezwa kuongoza chama chetu katika ngazi ya jimbo, baadhi yenu mmetuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, Mkristo anaruhusiwa kukataa anapoitwa kulitumikia Kanisa? Wengine mliuliza kwa upole, na mmoja wenu aliuliza kama mwendesha mashtaka, jambo ambalo lilitufurahisha. Padri mlezi alituomba tujibu kwa maandishi, nasi tumeona ni afadhali kueleza barua yenyewe, sehemu kwa sehemu: kwa nini kila neno liliwekwa mahali pake, na ni maneno gani tuliyafuta.

Tuanze na kile tulichoombwa. Wadhifa ule hupewa watu wa ndoa, na katiba ya chama inawataka wote wawili wautumikie pamoja. Mikutano ya jimbo hufanyika Butembo mara nne kwa mwaka. Kutoka kwetu Mangina, katika eneo la Mabalako, mtu huenda kwanza Beni, kilomita kama 30, kisha hushika barabara ya kusini kuelekea Butembo, kilomita 50 na kitu. Kwa nchi nyingine huo ni mwendo wa asubuhi moja. Kwetu, ambako amri ya kutotembea usiku na habari za mashambulizi ndizo zinazopanga ratiba, ni siku ya kwenda, siku ya mkutano na siku ya kurudi, endapo barabara haikufungwa. Hizo ni siku 12 kwa mwaka. Kila mwezi kuna kikao cha kamati ndogo Beni: siku 12 nyingine. Tena kila kikundi cha kanda yetu hutakiwa kutembelewa walau mara moja, na vikundi ni 8. Tulipojumlisha tulipata siku 32 ambazo baba na mama hawako nyumbani kwa wakati mmoja.

Hesabu hiyo tuliiandika usiku kwenye karatasi ya daftari la shule, kisha upande wa pili tukaandika walio nyumbani. Watoto tuliowazaa ni watatu. Tunaishi pia na watoto wanne wa ndugu zetu waliofariki. Yuko mama mzazi wa mume, ambaye macho yake hayaoni tena. Kuna familia ya binamu iliyokimbia kijiji chake na kulala katika jikoni letu la nje, ikingoja siku ya kurudi. Na kuna kakao, ambayo ndiyo ada ya shule, dawa na sabuni ya watu wote hao. Anayeijua kakao anajua kwamba haisubiri mkutano. Ukishapasua matunda, mbegu huvundikwa chini ya majani ya migomba kwa siku 5 hadi 7, nazo hugeuzwa ili zichachuke sawasawa. Kisha huanikwa kwenye mikeka kwa muda wa juma au zaidi, na mtu akiwa karibu kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya wezi. Mbegu iliyonyeshewa huota ukungu, na mnunuzi huitambua kwa pua kabla ya kuiangalia.

Hapo ndipo tulipoona kwamba tulitakiwa kujibu, na kujibu mapema. Na hapa tunawaomba mtulie kidogo, kwa sababu vijana wengi hudhani kukataa ni jambo moja, kumbe milango yake ni mitatu na kila mmoja una uzito wake.

Mlango wa kwanza ni pendekezo. Jina limetajwa, kura haijapigwa. Anayekataa hapa anaomba tu asihesabiwe, na uchaguzi unaendelea bila hasara. Mlango wa pili ni baada ya kuchaguliwa. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983 inalieleza jambo hili katika kanuni ya 177: aliyechaguliwa hujulishwa mara moja, naye ana siku 8 za kujibu kama anakubali au la. Asipojibu, uchaguzi ule hauna nguvu. Akikataa, anapoteza haki yote iliyotokana na kura ile, na hawezi kuirudisha kwa kubadili nia kesho yake, ingawa anaweza kuchaguliwa tena; na wapiga kura hupaswa kuchagua upya ndani ya mwezi mmoja. Mlango wa tatu ni wa aliyekwisha kukubali. Huyo hakatai tena, anajiuzulu, na kanuni ya 187 hadi ya 189 zinadai awe na sababu ya haki, atoe tamko lake kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, na pale sheria inapotaka kujiuzulu kwake kupokelewe na mkubwa, angoje kupokelewa.

Kila chama cha walei kina katiba yake, nayo ndiyo ya kusomwa kwanza. Lakini sisi tulichukua kanuni hizi kuwa kipimo, na kipimo chenyewe kilitusukuma kwenye mlango wa kwanza. Fikirini maana ya kuchagua upya ndani ya mwezi mmoja katika nchi yetu. Ni kuwaita tena wajumbe kutoka Lubero, Beni, Butembo na kwetu, kuwapandisha tena pikipiki kwenye barabara zilezile. Mtu anayejua tangu leo kwamba atakataa, kisha akanyamaza apate heshima ya kuhesabiwa kura, anawatuma wenzake njiani kwa ajili ya sifa yake. Kwa hiyo barua ya kamati ilipotufikia Jumatano ikiuliza kama tunaridhia jina letu lipigiwe kura, tulijibu Jumapili iliyofuata, wiki tatu kabla ya uchaguzi.

Kuna jambo dogo la siku 8 linalofaa kujulikana na watu wa sehemu zetu. Hizo si siku za kalenda tu. Kanuni ya 201 inasema muda wa namna hiyo haumhesabii mtu asiyejua habari au asiyeweza kutenda. Barua ikikwama Beni juma zima kwa sababu barabara imefungwa, juma hilo halihesabiwi juu yako. Waliotunga sheria hawakuwa wakiifikiria Mangina, lakini imetufaa.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Tunaiweka hapa karibu yote, tukiacha majina:

“Kwa Padri Mlezi, na kwa ndugu wa Kamati ya Uchaguzi. Tumsifu Yesu Kristo. Tumepokea barua yenu siku ya Jumatano, nasi tunawashukuru kwa kutuona kuwa tunaweza kubeba kazi hiyo. Baada ya kusali na kushauriana nyumbani, tunaomba jina letu lisipigiwe kura. Tunawalea watoto saba na mama mzee asiyeona, na wadhifa huu ungetutoa nyumbani sote wawili siku zisizopungua 32 kwa mwaka. Hatuna mtu mzima mwingine wa kuwaachia. Hali hii haitabadilika kabla ya muhula huu kwisha. Kwa hiyo tunaomba msitungojee. Kwa upande wetu, tunaahidi kuendelea na mafundisho ya wachumba katika parokia yetu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kutoka saa 3 hadi saa 6 asubuhi, na kutunza daftari la michango ya kikundi chetu kwa mwaka mmoja, hadi mkutano mkuu wa kikundi utakapoamua vingine. Yeyote mtakayemchagua tutamtii na kumpokea. Wenu katika Kristo.”

Sahihi zilikuwa mbili, kwa kuwa tulioitwa tulikuwa wawili. Tumewahi kuona barua ya namna hii iliyotiwa sahihi na mume peke yake, na miezi mitatu baadaye watu wakawa wanamwuliza mke kisimani kama yeye angekubali.

Sasa tuseme yaliyofutwa. Nakala ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Ilisema kwamba hatustahili, kwamba sisi ni vumbi, kwamba wako wenye vipaji kuliko sisi. Mke ndiye aliyeuliza, kalamu ikiwa mkononi mwake: “Baba, hiyo ndiyo sababu?” Haikuwa hiyo. Tukiulizwa kwa kweli, tunadhani tungeiweza kazi ile, na pengine tungeifanya vizuri. Unyenyekevu unaowekwa mahali pa sababu huwaalika watu wakubishie. Watakuja nyumbani kwako jioni kukuhakikishia kwamba unastahili, nawe utakuwa huna la kuwajibu. Tukafuta ukurasa mzima, tukaacha sababu moja iliyo ya kweli na inayohesabika.

Sehemu nyingine iliyofutwa ilikuwa ngumu zaidi. Wanne kati ya watoto saba ni yatima wa wakati wa Ebola. Ninyi mliokuwa wadogo mnakumbuka: ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia hapa kwetu katika eneo la afya la Mabalako, na haukutangazwa kuwa umekwisha hadi tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwaua watu zaidi ya 2,200. Katika nakala ya kwanza tuliandika namna wazazi wao walivyofariki. Ingewagusa wasomaji, hakuna shaka. Lakini barua kwa kamati husomwa kwa sauti, hunakiliwa, hubaki kwenye faili. Watoto hawa walikwisha kuonjeshwa maana ya kunyoshewa kidole shuleni. Kifo cha wazazi wao ni chao, si hoja yetu. Kwa hiyo tukaandika “watoto saba”, bila kutenganisha waliozaliwa na waliopokelewa, na hilo likatosha. Tunawataja hapa kwa uchache huu kwa sababu mkubwa wao, aliye mmoja wenu, ametwambia tunaweza, na kwamba angependa ijulikane kwa nini tulikaa.

Kutaja familia kuwa sababu kuna hatari yake, na hatutaki kuificha. Katika Injili ya Luka sura ya 14 wako walioalikwa karamuni wakaomba radhi: mmoja kwa shamba, mmoja kwa ng’ombe, na wa tatu kwa sababu ameoa. Mwenye karamu alikasirika. Yule kijana wetu mwendesha mashtaka alitutajia sura hiyo kabla hatujaketi. Sisi tulimtajia Marko sura ya 7, ambapo Bwana anawakemea wale wanaosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, ni korbani, na kwa neno hilo la kitakatifu wanawaacha wazee wao na njaa. Maandiko haya mawili hayapingani. La kwanza linamshtaki mtu anayeitumia nyumba yake kumkwepa Mungu. La pili linamshtaki anayemtumia Mungu kuikwepa nyumba yake. Kanuni ya 226 inawaambia wazazi kwamba wajibu wao wa kuwalea watoto ni mzito sana. Na Mtaguso wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, unataka maisha ya kiroho ya mlei yachukue sura ya hali yake: ndoa na familia, useja, ujane, ugonjwa, kazi.

Lakini mtu atajuaje yuko upande gani? Sisi tulijipima kwa jambo moja la nje, kwa kuwa moyo ni shahidi anayependelea. Katika msimu uleule, wakulima wa kakao wa mtaa wetu walikuwa wanamtaka mume awe katibu wa umoja wao. Kazi hiyo ina posho kidogo na heshima nyingi, nayo pia ni ya safari. Tukasema: ikiwa siku 32 haziwezekani kwa ajili ya Kanisa, haziwezekani kwa ajili ya kakao. Aliikataa kwanza ile ya wakulima, siku ya Alhamisi, na barua ya chama tukaiandika siku ya Ijumaa na Jumamosi. Lau angeipokea ile ya posho, neno “familia” katika barua yetu lingekuwa ng’ombe wa Luka 14.

Kuna waliotukabili kwa hoja nyingine, na hii ndiyo iliyotunyima usingizi. Mzee mmoja wa chama, mtu tunayemheshimu, alikuja akaketi, akanywa chai, kisha akatukumbusha hadithi ya Yothamu katika kitabu cha Waamuzi sura ya 9. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa kwa ajili ya mafuta yake, mtini kwa ajili ya utamu wake, mzabibu kwa ajili ya divai yake. Na mwisho ufalme ukachukuliwa na mti wa miiba. “Wanangu,” alisema, “nanyi mna mafuta yenu, sawa. Lakini mmefikiri miiba?”

Tulikuwa tumeifikiri. Hatukumwambia kwamba hofu yake haina msingi, kwa maana tumeona vyama vilivyoharibika kwa njia hiyo hasa: watu wema wakakataa mmoja baada ya mwingine, na kiti kikamwendea aliyekuwa akikizunguka tangu zamani. Tulimjibu kwamba katika hadithi ile miti mizuri ilisema hapana, kisha haikuonekana tena. Haikusema itaendelea kutoa nini, kwa nani, na lini. Ndiyo maana ahadi katika barua yetu ina siku, saa na mwisho. Nakala ya kwanza ilisema “tutaendelea kutumikia kwa moyo wote pale tutakapohitajika”. Sentensi hiyo ni nzuri kusikilizwa, nayo haimfungi mtu kwa lolote. Au inamfunga kwa kila kitu, kutegemea nani anaisoma. Kamati yenye shida ingeweza kutuita kwa neno hilo mara nne kwa mwezi, na siku 32 zingerudi kwa mlango wa nyuma.

Hatukutaja pia mtu wa kuchaguliwa badala yetu, ingawa tulikuwa na jina mdomoni. Anayekataa kiti kisha akaonyesha nani akikalie hajakiacha. Vivyo hivyo hatukujitolea kuwa washauri wa kiongozi mpya. Washauri ambao hawakuombwa huwa serikali ya pili, na katika chama kidogo serikali mbili ni msiba.

Mzee alimaliza chai yake, akasema bado hakubaliani nasi, akatubariki. Hatudhani kila barua ya namna hii hupata baraka ya namna hiyo. Wako waliosema tuna kiburi. Wako waliodhani tunataka kubembelezwa, kwa kuwa ni desturi ya wengi kukataa mara ya kwanza ili waombwe mara ya pili, na walirudi kweli, wakiwa watatu, siku ya Jumanne. Tuliwapokea, tukawasomea tena mstari ule usemao “msitungojee”, tukazungumza habari nyingine hadi jua lilipoinama, kwa sababu walikuwa na safari na giza la siku hizi si la kuchezea.

Uchaguzi ulifanyika kwa siku yake. Waliochaguliwa ni watu wa ndoa kutoka parokia nyingine, watoto wao wamekwisha kukua, na tangu hapo wamekwisha kututembelea mara moja. Walikuta daftari la michango likiwa limefungwa hadi mwezi uliotangulia, na tofauti ya franga 500 ambayo tuliwaonyesha ilikotokea. Wachumba wa Jumamosi ya kwanza sasa ni jozi tano. Huketi uani kwetu badala ya ukumbi wa parokia, kwa kibali cha Paroko, kwa sababu msimu wa kakao umeanza na mikeka iko palepale. Mawingu yakikusanyika, somo husimama, na wachumba wote kumi huinuka kukunja mikeka pamoja nasi.